Kufuli hailindi zipu: sanduku langu la safari ya Lamu

Muuza mabegi wa Kongowea alinitolea sanduku la magurudumu lenye kufuli ya namba, akaapa kwamba hata mwizi akipewa kutwa nzima hataliweza. "Ami, niazime kalamu," nikamwambia.

Kalamu ya wino tu, hii ya watoto wa shule. Nikaisukuma ncha katikati ya meno ya zipu, yale ya plastiki yaliyojisokota. Zipu ikaachia, sanduku likapasuka mdomo, na kufuli yake iko pale pale imefungwa. Wateja wakasogea. Utamu ulikuwa bado: nikavishika vichwa viwili vya zipu, vikiwa vimefungwa pamoja vile vile, nikaviburuta mpaka vikapita palipoachia, nikavirudisha. Zipu ikajifunga, alama huoni. Yule bwana akaomba kalamu yake, na bei ikashuka yenyewe.

Sanduku la vibano lisilo na zipu halina ugonjwa huo, lakini bei yake si ya mtu wa mshahara wangu. Nikachukua begi la mgongoni, la turubai nene, kwa elfu tatu na ushee. Magurudumu ya nini kwenye mchanga na vichochoro vya Lamu? Nililitaka hilo kwa sababu lina pete iliyoshonewa mwilini karibu na mwisho wa zipu. Kufuli inapita kwenye vichwa vyote viwili na kwenye ile pete, kwa hiyo vichwa havisogei. Mwenye kalamu ataifungua zipu, sawa, ila hawezi kuifunga tena. Utaona mdomo uko wazi ukiwa bado umesimama penye buti la basi, utingo yuko mbele yako, si ushafika kwa wenyeji ndipo unahesabu kanga.

Basi la kutoka Mwembe Tayari hupita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, halafu ni boti. Kwenye buti kuna vumbi, na mara nyingine ndoo ya samaki ya mtu. Nguo nikazitia kwanza kwenye mfuko mzito wa nailoni, nikaufunga kwa fundo. Maji ya boti hupenya turubai kupitia mishono. Begi zima nikalitia guniani, nikalishona kwa shazia na uzi mwekundu. Gunia lililofunguliwa halishoneki upya kwa haraka, na uzi mwekundu mtu hatembei nao mfukoni.

Jina na namba ya simu niliandika juu ya gunia kwa kalamu ya wino usiofutika, na karatasi yenye maneno hayo hayo nikaiweka ndani juu ya nguo, maana vile vibandiko vya kuning'iniza hung'oka mapema. Nyumba unayokaa usiandike. Utakuwa unamwambia kila mtu kwamba haina mtu.

Mkasi wa kulifungulia gunia weka mfukoni. Shemeji yangu aliushonea ndani, akalitafuna gunia kwa meno pale Mokowe.