Siku moja ya kulivisha gauni kitenge ambacho hakijashonwa

Saa 2 asubuhi, Kiyembe, Kampala. Mwenye duka ana vitenge sita vya ua tofauti na anataka katalogi ya gauni moja la mshono uleule, ila hataki kukata yadi zote hizo kabla wateja hawajachagua. Kwa hiyo fundi ameshona gauni moja tu, la amerikani nyeupe, nami nitalivisha vitenge hivyo kwenye picha, kwa Photoshop. Amerikani imetiwa wanga kidogo, kwa sababu kitenge cha nta ni kigumu. Ukipiga picha ya gauni la kitambaa laini kinacholegea halafu ukakivisha ua la nta, mikunjo itakusaliti hata kama ua lenyewe limekaa sawa.

Saa 3. Napiga picha ya kitenge. Kimepigwa pasi na kutandazwa ukutani, taa mbili zimekaa kushoto na kulia kwa pembe ya digrii 45, na tepu ya fundi imebandikwa ukingoni. Kamera iko kwenye miguu mitatu, imekitazama kitambaa sawasawa bila kuinama. Upana wa sentimita 112 unaingia wote kwenye picha, ili nipate marudio kadhaa ya ua badala ya moja. Nta ikipasuka wakati wa kutia rangi huacha vijishipa vidogo, na havifanani kutoka ua hadi ua. Ukichukua ua moja ukalirudia mara kumi, kijishipa kilekile kitatokea mara kumi, na mama yeyote aliyezoea vitenge atadhani ni plastiki ya mezani.

Saa 4 na nusu. Gauni jeupe limevaliwa na kupigwa picha. Sasa hesabu. Kutoka bega hadi pindo ni sentimita 110, na kwenye picha ni pikseli 3,300, yaani pikseli 30 kwa kila sentimita. Ua langu ni duara linalojirudia kila sentimita 30, hivyo kwenye gauni marudio lazima yawe pikseli 900. Nisikadirie kwa macho: duara likiwa kubwa kuliko linavyotakiwa, mteja ataletewa gauni lenye maua mengi kuliko aliyoyaona. Picha ya kitambaa ina takriban pikseli 50 kwa sentimita, kwa hiyo naipunguza. Kupunguza hakuna shida. Kutanua ndiko kunakotia ukungu.

Saa 6 hadi saa 9 ndiyo kazi yenyewe. Kila kipande ambacho fundi alikikata nakipa tabaka lake: kifua, sketi, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Kila tabaka nalifanya Smart Object, inayotunza picha ya awali, kabla ya kuligusa kwa Warp, maana kulipinda mara tano bila hivyo ni kulisaga mara tano. Mkono umening'inia kwa mshazari, basi na ua linafuata mshazari huohuo.

Pagumu ni dati za kifuani, ile mikunjo iliyoshonwa kuanzia kiunoni kwenda juu ili gauni libane. Kila dati hapa imemeza sentimita 3 za kitambaa kiunoni, kisha inapungua hadi sifuri kwenye ncha, sentimita 12 juu. Kwa pikseli, kiunoni zinapotea 90. Naigawa sehemu hiyo kushoto na kulia kwa mstari wa dati, naukata upembe wa 90 chini na sifuri juu, kisha nazisogeza pande mbili zikutane. Duara linaloangukia hapo linatoka limebanwa chini kama embe. Likibaki duara kamili, fundi ataicheka picha.

Kiunoni nako, ua la kifua halishuki moja kwa moja kwenye sketi. Sketi ilikatwa mahali pengine pa kitambaa, tena mshono wenyewe umekula sentimita moja na nusu kila upande. Nalisogeza tabaka la sketi mpaka maua yakatike waziwazi. Mwenye duka akilalamika, "Mbona hayajaungana?" namwuliza kama yuko tayari kumpa fundi kitambaa cha ziada, hadi sentimita 30, kwa kila gauni. Hayuko, basi picha isiahidi.

Saa 10. Vivuli vya gauni jeupe naviweka juu kwa Multiply, na mikunjo inalisukuma ua kwa Displace. Ramani ya mikunjo, yaani picha ya gauni jeupe ambayo Displace inaifuata, naitia ukungu wa pikseli 3 kwanza, la sivyo uzi wa amerikani utaitafuna mistari ya ua na kuifanya meno ya msumeno.

Saa 11. Napunguza picha kwa saizi ya katalogi, kisha ndipo nanoa makali, si kabla. Kwenye vitone vidogo vya ua naangalia kama mawimbi ya ajabu yamezuka. Yakizuka, napunguza upya kutoka faili kubwa nikitia ukungu kidogo kwanza. Mwenye duka namtumia kwa WhatsApp kama dokumenti. Ikienda kama picha ya kawaida, vile vijishipa vya nta ndivyo vinavyokufa kwanza.