Jinsi nilivyokagua orodha ya malori yaliyotoka yadi ya Kibaigwa

Kibaigwa, wilayani Kongwa, ipo kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro, na msimu wa mavuno malori ya nafaka huwa mengi kuliko mahali pa kuyaegesha. Mwenye yadi mmoja aliniomba nimtengenezee programu ndogo ya hesabu za maegesho. Yadi yake ni uchochoro mrefu wenye upana wa lori moja, ukuta ukiwa mwisho na geti moja mbele, hivyo lori lililoingia mwisho ndilo linalolazimika kutoka kwanza. Mlinzi alikuwa na kurasa mbili katika daftari, ya kuingia na ya kutoka, kila moja ikifuata mpangilio wa matukio lakini bila saa. Kabla ya kumtoza mtu yeyote fedha, nilitaka kujua kama mpangilio wa kutoka ulioandikwa ungeweza kabisa kutokea, ukilinganishwa na ule wa kuingia.

Wanaoandika programu watatambua mara moja kuwa uchochoro huu ni rundo: kitu huwekwa juu na hutolewa juu, na kilicho chini hakiguswi mpaka vilivyo juu yake viondoke. Ugumu ni kwamba kurasa mbili hazisemi kuingia na kutoka kulipishana vipi. Pengine malori matatu yaliingia kabla ya lolote kutoka, pengine moja liliingia na kutoka papo hapo. Ukijaribu kila namna ya kupishanisha, kazi inakuwa kubwa upesi sana hata kwa malori kumi na tano.

Nilichogundua baada ya kulitafakari jambo hili ni kwamba, iwapo kila lori lina namba yake lenyewe, hakuna cha kujaribu. Chukulia lori lililo karibu na geti ndilo linalofuata katika orodha ya kutoka. Ukiliacha hapo na kuingiza jingine, hilo jipya litasimama mbele yake na litalazimika kutoka kwanza, ilhali orodha inasema zamu ni ya lile la awali. Kwa hiyo lazima litoke sasa hivi. Na kama lililo getini silo linalotakiwa, haliwezi kutolewa, bali lori jingine ndilo liingie. Kila hatua ina njia moja tu, kwa hiyo ukikwama umekwama kweli, na hakuna njia nyingine uliyoisahau.

```python
def inawezekana(kuingia, kutoka):
    if len(kuingia) != len(kutoka):
        return False
    rundo = []
    j = 0
    for gari in kuingia:
        rundo.append(gari)
        while rundo and rundo[-1] == kutoka[j]:
            rundo.pop()
            j += 1
    return not rundo
```

Mstari unaolinganisha urefu wa orodha si wa mapambo. Ukiuondoa na orodha ya kutoka ikawa ndefu zaidi, rundo linaweza kuisha mapema na programu ikajibu kuwa kila kitu ni sawa, huku malori ya ziada yakiwa hayajaangaliwa kabisa. Ikiwa fupi zaidi, programu inaweza kusimama kwa hitilafu baada ya `j` kuvuka mwisho wa orodha. Aidha, anayeona `while` ndani ya `for` anaweza kudhani kazi inaongezeka kwa mraba wa idadi ya malori, lakini sivyo: kila lori huingia mara moja na hutoka si zaidi ya mara moja, hivyo malori 100 hayawezi kuzidi matukio 200.

Ukurasa mmoja ulinionyesha thamani ya ukaguzi huu. Malori sita yaliingia, nami nitayaita 1 hadi 6 kwa mpangilio wa kuingia. Orodha ya kutoka ilisema 2, 4, 3, 6, 1, 5. Programu iliingiza 1 na 2, ikatoa 2. Ikaingiza 3 na 4, ikatoa 4 kisha 3. Ikaingiza 5 na 6, ikatoa 6. Hapo ndani yalibaki 1 na 5, lori la 5 likiwa getini, wakati daftari lilidai kuwa la 1 ndilo lililotoka.

Sikumpelekea mlinzi programu, kwa sababu jibu la kukataa peke yake halimsaidii mtu kurekebisha daftari. Nilimpa maelezo ya malori matatu tu: lilipotoka la 6, la 1 na la 5 yalikuwa ndani bado, na la 5 lilikuwa mbele, je, la 1 lilipita wapi? Alitazama ukurasa, akasema, "Mwanangu, hapo la tano limemtangulia la kwanza. Niliyaandika pamoja usiku." Maelezo ya namna hiyo hupatikana kwa kila orodha isiyowezekana: daima kuna malori matatu ambayo lililoingia mwisho kati yao lilitoka kwanza, kisha likafuata lililoingia kwanza, na la katikati likawa la mwisho. Hakuna namna nyingine ya kuvunja sheria ya rundo.

Ukurasa mwingine ulikuwa mgumu zaidi, na ndio uliobadilisha programu yangu. Siku hiyo aliyekuwa zamu hakuandika namba za magari, aliandika mizigo tu. Yaliingia mahindi, alizeti, mahindi, mtama. Yakatoka mahindi, mtama, alizeti, mahindi. Programu iliyo hapo juu hutoa lori la kwanza la mahindi mara linapoingia, halafu inaingiza alizeti, mahindi na mtama, inatoa mtama, kisha inakwama kwa kuwa mahindi yameziba alizeti. Inajibu kuwa haiwezekani. Lakini inawezekana: yaingie matatu ya mwanzo, yatoke mahindi ya pili, uingie na kutoka mtama, itoke alizeti, na mwisho yatoke mahindi ya kwanza.

Hoja yangu ya kwamba lori lazima litoke sasa hivi ilitegemea kila jina kuwa la lori moja tu. Jina linaporudiwa, kuna uchaguzi wa kweli: kutoa lililopo getini, au kusubiri jingine la jina hilohilo. Kwa kurasa za aina hiyo nikaandika toleo la pili ambalo, lililo getini linapofanana na linalotakiwa, hujaribu kwanza kulitoa, na likikwama baadaye hurudi mahali hapo na kujaribu kuingiza jingine. Njia ya pili hujaribiwa tu ikiwa jina hilo litatokea tena miongoni mwa yanayosubiri kuingia. Majina yakijirudia mno kazi hii huongezeka vibaya, ila kwa ukurasa wa malori kumi hivi jibu huja papo hapo.

Nilimweleza pia mwenye yadi kwamba orodha inayokubalika si lazima iwe ya kweli. Kwa malori matatu, kati ya mipangilio 6 ni mmoja tu unaokataliwa, kwa hiyo kosa hupita kwa urahisi. Kwa matano hukubaliwa 42 kati ya 120, na kwa kumi hukubaliwa 16,796 kati ya 3,628,800. Hata hivyo makosa ya daftari mara nyingi ni ya kubadilishana majirani wawili, na baadhi ya mabadilishano hayo yanaruhusiwa na rundo bila shida. Kwa sababu hiyo tulikubaliana kuwa ukurasa unaokataliwa urudishwe kwa mlinzi kabla ya kutoza, na ukurasa wowote mpya uwe na namba ya gari pamoja na saa ya kutoka.