Kampuni ya miti Mafinga ilivyogeuka kiwanda cha dawa kwenye orodha

Orodha ya wateja wa Iringa ilionyesha kampuni ya kupanda miti Mafinga ikiwa na msimbo wa shughuli 210. Katika ISIC, mfumo wa kimataifa wa kupanga shughuli za kiuchumi, toleo la 4, 210 ni kundi la utengenezaji wa dawa! Msimbo kamili una tarakimu nne: mbili za mwanzo ni divisheni, ya tatu kundi, ya nne daraja. Upandaji miti ni 0210, lakini Excel ilimeza sifuri ya mbele.

Nilirudisha sifuri kwa fomula hii:

```
=TEXT(A2,"0000")
```

Itumie tu pale safu nzima ilipokuwa na tarakimu nne. Msimbo wa kundi wenye tarakimu tatu utaharibika. Kwa orodha mpya, weka safu kuwa `Text` kabla ya kuingiza chochote.

Kisha hakiki kwenye kumbukumbu za BRELA: mwenye kampuni ataona shughuli zake kwenye akaunti yake ya ORS, mfumo wa usajili mtandaoni; wewe wa nje omba taarifa rasmi. Kampuni inaweza kuwa na misimbo kadhaa. Hii ilikuwa na 1610 pia, maana inapasua mbao na kutia dawa nguzo.