Hesabu Iliyonisaidia Kusoma Wasifu wa Waombaji wa Kazi ya Masoko Mtandaoni

Kikundi chetu cha kufungasha asali hapa Tabora kilinikabidhi wasifu 17 wa waombaji wa kazi ya masoko mtandaoni. Tangazo lilitaka mtu aliyewahi kuendesha matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram, kupokea oda kwa WhatsApp, na kusimamia takriban shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Jamaa mmoja alinishauri nimchukue mwenye orodha ndefu zaidi ya mitandao. Ushauri huo unaniudhi hadi leo, kwani ulitupotezea wiki mbili.

Kijana niliyemweka juu alitaja mitandao minane, bajeti ya shilingi 4,000,000 kwa mwezi, na oda 300 za kila mwezi zilizogharimu matangazo ya shilingi 5,000 kila moja. Usiku wa kuamkia usaili nilichukua kalamu nikazidisha: oda 300 kwa shilingi 5,000 ni shilingi 1,500,000. Je, zile 2,500,000 zilikwenda wapi? Nilipomuuliza, alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Mama, bajeti hiyo ilikuwa ya idara nzima. Mimi niliandika maelezo ya picha. Matangazo ya kulipia aliyaweka mwenzangu." Hapo nikaelewa kwamba neno "nilisimamia" linaweza kubeba kazi ya watu watano.

Nikazisoma upya karatasi zote, nikitafuta matumizi, idadi ya matokeo na gharama ya kila tokeo, kwa kuwa ukiwa na mawili kati ya hayo unalipata la tatu. Walioandika kwamba mauzo yalipanda kwa asilimia 300 bila kusema yalianzia wapi niliwaweka kando, maana hata kutoka oda 2 hadi 8 ni asilimia hiyo hiyo.

Binti mmoja kutoka Nzega, aliyekuwa ameuza vitenge, alitaja mitandao miwili tu na shilingi 600,000 kwa mwezi, zilizoleta mazungumzo 300 ya WhatsApp na oda 40. Kwenye usaili alifungua katika simu yake Ads Manager, programu ya kusimamia matangazo ya Facebook na Instagram, nikaona safu za Amount spent, Results na Cost per result: shilingi 600,000, mazungumzo 300, shilingi 2,000 kwa kila moja. Hata hivyo, Results pale yalikuwa mazungumzo yaliyoanzishwa, si mauzo. Kwa hiyo niliomba daftari lake la oda, nikahesabu mistari ya mwezi ule kwa kidole hadi 40. Kila oda ilikuwa imegharimu shilingi 15,000, kiasi ambacho chupa moja ya asali haiwezi kukibeba, lakini ndoo inaweza.

Bajeti aliyoizoea haikufika nusu ya yetu, na gharama ya oda huweza kupanda fedha za matangazo zinapoongezwa ghafla. Tulimwajiri, tukaanza na shilingi 700,000, na tukakubaliana kwamba tutaongeza pale tu daftari la oda litakapoonyesha kuwa gharama ya kila ndoo haijapanda.