Barua Niliyoiomba Aix

Binti wa kaka yangu amealikwa Lyon, Ufaransa, kwa mafunzo ya wiki chache, na jana usiku alinipigia simu akaniuliza: "Shangazi, hivi mtu anamwombaje mwenyeji wake barua ya mwaliko bila kuonekana anamsumbua?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu ilikuwa saa ya kulala, lakini swali lenyewe lilinirudisha kwenye mwezi wa Machi 2023, nilipolazimika kuiomba barua kama hiyo kwa profesa mmoja wa Aix-en-Provence.

Mji huo ndio wenye hifadhi ya nyaraka za yaliyokuwa makoloni ya Ufaransa, na humo zimo kumbukumbu za Ngazija nilizokuwa nikizihitaji kwa utafiti wangu juu ya Wangazija waliohamia Unguja. Profesa alikwisha kunikaribisha kwa barua pepe yenye maneno mazuri: nifike mwezi wa Juni, nihudhurie semina yake, kisha nikae hifadhini kwa kadiri nitakavyoweza, na nyumba yake ilikuwa wazi kwangu. Nilifurahi sana. Hata hivyo nilijua kwamba ofisa wa viza hasomi ukarimu. Anatafuta siku ya kuingia, siku ya kutoka, kazi itakayofanyika, mahali pa kulala na mtu atakayelipa. Mwenzangu wa ofisini alikuwa amenyimwa viza ya Schengen kabla yangu, na katika fomu aliyorudishiwa iliwekwa alama kwenye sababu isemayo kwamba madhumuni na masharti ya safari yake hayakuthibitishwa. Barua aliyokuwa nayo ilimsifu kwa ukurasa mzima, lakini haikutaja tarehe hata moja.

Usiku nilipokaa kuandika ombi langu naukumbuka vizuri kuliko safari yenyewe. Kikwazo hakikuwa Kifaransa. Kikwazo kilikuwa kwamba mimi ni mdogo kwake kwa umri na kwa elimu, nami nilitakiwa kumwambia mtu mkubwa aandike nini, kwa mpangilio gani na ifike lini, na kwa malezi yetu mgeni hamwelekezi mwenyeji namna ya kumkaribisha. Niliandika salamu ndefu, nikaifuta, nikaandika fupi, nikaona imekuwa kavu mno. Hatimaye nilimshukuru kwa sentensi moja, kisha nikaingia katika haja yangu: "Ili niweze kuomba viza ya muda mfupi, naomba kwa heshima unipatie barua ya mwaliko kwenye karatasi yenye nembo ya chuo, iliyotiwa saini na mhuri, ikieleza kwamba nitakuwa Aix kuanzia tarehe 5 hadi 23 Juni 2023."

Nilipofika hapo nilisita tena, kwa sababu semina yake ilikuwa ya siku mbili tu. Kama barua ingetaja semina peke yake, ofisa angekuwa na haki ya kuuliza siku nyingine zote ni za nini, na angeweza kunipa viza ya siku chache zisizotosha kufungua hata sehemu ndogo ya majalada. Kwa hiyo niliigawa safari katika madhumuni mawili yenye tarehe zake: siku mbili za wiki ya kwanza ni semina, ambamo nitasoma makala yangu, na siku zinazobaki ni kusoma kumbukumbu hifadhini. Nikamwomba aandike pia kwamba chuo kitalipa tiketi ya ndege, kwamba sitapokea mshahara wowote Ufaransa, na kwamba baada ya tarehe 23 narudi kwenye ajira yangu Zanzibar. Jina langu nililiandika kama lilivyo katika pasipoti, pamoja na namba yake na tarehe ya kuzaliwa, ili katibu wake asilazimike kukisia lolote.

Sehemu iliyonitaabisha zaidi ilikuwa ya malazi. Barua ya chuo haithibitishi kwamba mtu atalala katika nyumba ya mtu binafsi. Kwa hilo Wafaransa wana hati yao, attestation d'accueil, ambayo huombwa na mwenye nyumba mwenyewe katika manispaa ya mji anaoishi. Hulazimika kwenda kwa miguu yake na kitambulisho, uthibitisho wa makazi, uthibitisho wa kipato na stempu ya kodi, ambayo mwaka ule wa 2023 ilikuwa ya yuro 30. Hutaja tarehe za mgeni kufika na kuondoka, huonyesha kwamba nyumba ina nafasi ya kumweka mtu, na hutia saini ya kuahidi kubeba gharama za mgeni iwapo mgeni atashindwa kujimudu. Manispaa inaweza kuitoa siku ileile, lakini ikikaa kimya kwa mwezi mzima, kimya hicho huhesabiwa kuwa kukataa. Ikishatolewa, nakala halisi ndiyo inayotakiwa kumfikia mgeni, kwa kuwa huionyesha anapoomba viza na tena mbele ya polisi wa mpakani.

Tofauti kwangu ilikuwa kubwa. Mwenye hati hiyo alitakiwa kuonyesha uwezo wa yuro 32.50 kwa kila siku ya safari, ilhali anayelala hotelini alitakiwa kuonyesha yuro 65. Lakini kumwambia mwanamke wa makamo, profesa mwenye jina lake, akapange foleni na kumwonyesha karani wa manispaa karatasi zake za mshahara kwa ajili yangu, lilikuwa jambo ambalo mkono wangu ulikataa kuliandika. Nililiandika hatimaye kwa namna ya kumwachia mlango: nikamweleza hati hiyo inataka nini, kisha nikasema kwamba ikiwa ni uzito kwake, nitatafuta hoteli na barua ya chuo peke yake itanitosha. Nikaongeza kwamba nakusudia kuwasilisha maombi mwanzoni mwa Mei, kwa hiyo karatasi zikinifikia mwishoni mwa Aprili zitakuwa zimewahi.

Alijibu kwa mstari mmoja kwamba ataenda manispaa wiki inayofuata. Katibu wake akanitumia rasimu ya barua ya chuo, na humo tarehe zilikuwa za semina tu. Nilimwomba kwa upole arejeshe tarehe 5 hadi 23, kwa kuwa bima yangu, nafasi niliyoshika kwenye ndege, barua ya likizo kutoka kwa mwajiri wangu na hati ya manispaa zote zilitaja siku hizohizo, na karatasi moja ikipingana na nyingine ofisa hana sababu ya kuamini yoyote. Alirekebisha siku ileile. Bahasha ilifika kwa kampuni ya vifurushi, nikavuka kwenda Dar es Salaam, nikawasilisha, nikapata viza iliyotosha siku zangu zote.

Nilikaa nyumbani kwake, nikapikiwa na nikapika. Siku moja nilimuuliza manispaa walimpokeaje. Akasema walimuuliza maswali mengi kuhusu vyumba na kipato, akageuza mazungumzo. Sikuthubutu kuuliza zaidi. Nilikuwa nimemwachia mlango wa kukataa, lakini nikifikiri sasa, mtu aliyekwisha kusema kwa maandishi kwamba nyumba yake iko wazi angeupitia vipi mlango huo? Binti wa kaka yangu naye amepewa chumba na familia ya Lyon, na bado sijaamua kama nimshauri awaombe hati ile au atafute hosteli.