Nilivyotafsiri imeili ya korosho bila kupoteza vichwa, vidoti na boldi

Mimi nafanya kazi ofisi ya chama cha msingi huku Tandahimba, na kabla ya msimu tulitumiwa imeili ya Kiingereza yenye maelekezo ya kukausha na kufungasha korosho. Ilikuwa imepangwa vizuri, vichwa vitatu, chini ya kila kichwa vidoti, na yale ya lazima yamewekwa boldi. Nikaambiwa niitafsiri niibandike ubaoni.

Mara ya kwanza nilikopi yote nikaipesti kwenye kile kiboksi cha kutafsiria mtandaoni, ikatoka maandishi matupu, maana kiboksi kinachukua herufi tu, boldi na ukubwa wa vichwa vinabaki nyuma. Nikaprinti hivyo hivyo. Mzee mmoja akasoma mpaka mwisho akaniuliza, "Mwanangu, sasa hapa la lazima ni lipi?" Iliniuma kweli, kwa sababu kwenye imeili lilikuwa linaonekana hata ukiwa mbali.

Nikaanza upya. Safari hii niliipesti kwanza kwenye Word, nikachagua Keep Source Formatting, halafu nikabonyeza `Ctrl+Shift+8` ili zile alama zilizojificha zionekane. Hapo ndo nikaelewa. Mwisho wa mistari mingi hakukuwa na alama ya aya ¶, kulikuwa na kimshale kilichopinda, maana yake mwandishi alikata mistari tu bila kufungua aya mpya, kwahiyo Word inaona kichwa na vidoti vyake vyote ni aya moja, ukikipa kichwa mtindo wa kichwa na vidoti vinanenepa vyote. Nikafungua `Ctrl+H` nikajaza hivi, nikabonyeza Replace All:

```
Find what: ^l
Replace with: ^p
```

Kila mstari ukawa aya yake. Vichwa navyo havikuwa vichwa vya kweli, ni herufi kubwa zenye boldi tu, nikaweka kasa kwenye kila kimoja nikabonyeza `Ctrl+Alt+2` vikawa Heading 2. Vidoti navyo vilikuwa vistari vilivyochapwa kwa mkono, utavijua kwa sababu kasa inaweza kukichagua kistari chenyewe, kidoti cha kweli hakichaguliki hivyo. Nilivifuta nikaweka vya Word.

Baada ya hapo ndo nikatafsiri, humo humo, mstari kwa mstari. Mpangilio wa mstari, yaani kama ni kichwa au ni kidoti, Word inautunza kwenye ile ¶ ya mwisho, boldi inakaa kwenye herufi zenyewe. Kwahiyo ¶ siigusi kabisa, ukiifuta mstari unaungana na wa chini yake na kidoti kimoja kinapotea. Na neno lenye boldi silifuti kwanza, naweka kasa katikati yake, naandika Kiswahili hapo, halafu ndo nafuta herufi za Kiingereza pande zote mbili.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni kujua boldi ikae wapi, kwa sababu Kiswahili hakipangi maneno kama wao. Kulikuwa na mstari `Do not pack damp nuts`, na boldi iko kwenye `not` peke yake. Sisi hatuna neno la kusimama pale, kukataza kwetu kumo ndani ya kitenzi, kwahiyo boldi niliipa Usifungashe nzima. Mwingine ulikuwa na boldi kwenye `dry`, neno la mbele kabla ya `nuts`, kwetu inakuwa korosho kavu, boldi inaenda nyuma. Ukifuata nafasi badala ya maana utakoleza "korosho", na kila mtu anajua tunaongelea korosho.

Ya ubaoni ikawa tayari. Ila wakulima wengi wako kwenye grupu la WhatsApp, na huko boldi ya Word haifiki, inataka nyota pande mbili za neno. Nikasevu kopi nyingine ya faili, nikarudi `Ctrl+H`, kwenye Find what sikuandika kitu, nikabonyeza `Ctrl+B` ikaandika chini yake Font: Bold, halafu kwenye Replace with nikaweka:

```
*^&*
```

Hiyo `^&` inarudisha neno lile lile lililopatikana, na nyota zinalizunguka. Sehemu tatu zilikataa, kwa sababu boldi ilikuwa imeshika na nafasi baada ya neno, ikatoka `*kavu *`, na WhatsApp haikubali nyota iliyoachana na neno. Kwenye vichwa boldi ilishika mpaka ¶, nyota ya mwisho ikarukia mstari wa chini. Nilizirudisha kwa mkono nikatuma kwanza kwenye namba yangu mwenyewe nione, ndo nikaipeleka kwenye grupu.