Kilo 36 kwenye ukuta wa bloku: nilivyoifunga mashine ya nje ya kiyoyozi

Dada yangu ana duka la dawa Umoja, ghorofa ya chini ya jumba la kupanga. Dawa nyingi huandikwa zisiwekwe mahali penye joto la kupita nyuzi 25 au 30, na kuanzia Januari hadi Machi stoo yake ya nyuma ilikuwa inapita hapo kila alasiri. Akanunua kiyoyozi cha BTU 18,000, aina ya inveta. Kufunga ile ya ndani hakukuwa na neno. Mimi nilibakiwa na swali la mashine ya nje, kwa sababu kichochoro cha nyuma ni njia ya watu na mvua ikinyesha maji hupita humo humo. Haikuweza kukaa chini. Ilibidi ipande ukutani, juu ya kichwa cha mtu.

Jumba lenyewe limejengwa kwa mawe ya Ndarugu, lakini stoo iliongezwa baadaye kwa bloku za saruji za inchi 6, zile zenye matundu. Plasta imefunika zote na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Nikagonga kwa mpini wa nyundo: upande wa mawe sauti ni fupi na nzito, upande wa stoo inarudi na mwangwi. Ili nisibahatishe nikatoboa tundu la milimita 6 mahali ambapo bomba za gesi zingepita hata hivyo. Biti ilikula plasta, ikala kama sentimita 3 za saruji, halafu ikadumbukia mpaka drili ikagonga ukuta. Hizo sentimita 3 ndizo zilizotakiwa kushika mzigo wote.

Fundi wa kiyoyozi alikuja na braketi ya kwenye boksi pamoja na rolibolti zake. Boksi limeandikwa kilo 100.

"Mkubwa, mashine ni kilo 36," akaniambia. "Hii itaibeba mara mbili na chenji ibaki."

Kwa upande wa chuma alikuwa sahihi. Kile kipimo cha kwenye boksi ni cha mikono ya braketi, na kinachukulia kuwa nyuma yake kuna ukuta mzima usio na tundu. Hakisemi lolote kuhusu kitu ambacho bolti itaingia. Sijawahi kuona mkono wa braketi nzuri ukivunjika, ila nimeona bolti ya juu ikichomoka na kipande cha plasta.

Bolti ya juu huchomoka kwa sababu mashine haivuti chini tu. Inaning'inia mbali na ukuta, kwa hiyo inataka kuinamisha kichwa cha braketi mbele: bolti za juu zinavutwa nje, na kisigino cha chini kinasukumwa ndani. Hesabu yake ni rahisi. Chukua uzito, zidisha kwa umbali kutoka ukutani hadi katikati ya mashine, kisha gawanya kwa urefu kati ya bolti ya juu na kisigino. Mashine yetu ina unene wa sentimita 30, na nilitaka nafasi ya sentimita 15 nyuma yake ili ivute hewa vizuri, kwa hiyo katikati yake iko sentimita 30 kutoka ukutani. Braketi ya yule fundi ilikuwa na wima wa sentimita 20: 36 mara 30, gawanya kwa 20, ni kilo 54 zinazovuta nje, kubwa kuliko uzito wa mashine yenyewe. Braketi yenye wima wa sentimita 40 inashusha mvuto huo hadi kilo 27. Mashine ni ile ile, ukuta ni ule ule, na kilichobadilika ni urefu wa chuma kilicholala ukutani. Ndiyo maana siku hizi nikienda kununua braketi naangalia wima kwanza, unene wa bati baadaye.

Mzigo pia haugawanyiki sawa kwa mikono miwili. Kompresa imekaa upande mmoja, ule wenye valvu za bomba, na mkiinua mashine watu wawili, aliyeshika upande huo ndiye atakayelalamika. Kwa hiyo mkono wa upande huo nauhesabia zaidi ya nusu ya uzito. Ongeza siku ambayo fundi wa kuosha mashine ataegemea pale juu na mwili wake wote. Siku hiyo ndiyo ya kupangia, si siku ambayo mashine imetulia.

Basi rolibolti nikazikataa. Rolibolti hushika kwa kutanuka na kubana kuta za tundu, na kwenye bloku ya matundu inatanukia hewani. Ukiendelea kukaza ili "ishike", unapasua lile ganda la sentimita 3 kwa ndani, na nje huoni kitu mpaka plasta ianze kuchora ufa. Njia zilizobaki zilikuwa mbili. Ya kwanza ni resini ya kudunga pamoja na kichujio, yaani kile kijimfuko cha plastiki chenye matundu madogo kinachotangulia tunduni ili resini isimwagike yote kwenye uwazi wa bloku. Inapita kwenye vitundu vyake, inavimba nyuma ya ganda na kuganda kama fundo. Ni njia nzuri, na kama ndani ya ukuta kungekuwa na vigae au chumba cha mpangaji ningeitumia. Ya pili ni kutoboa ukuta kote na kufunga kwa ndani. Sisi nyuma ya ukuta tulikuwa na stoo yetu wenyewe, nikachagua hiyo.

Ukuta pamoja na plasta za pande zote mbili ulikuwa sentimita 17. Nikanunua vyuma vyenye nyuzi za kufungia nati, vya M10 vilivyopakwa zinki, viwili kwa kila mkono, kimoja juu na kimoja chini. Ukikaza nati za chuma kama hicho kwenye bloku yenye uwazi, maganda mawili yanasukumana kuelekea katikati na yanaweza kuvunjika. Kwa hiyo nikakata vipande vya paipu ya maji ya nusu inchi, kila kimoja kifupi kuliko ukuta kwa milimita 1 au 2, nikavichomeka kwenye matundu na kupitisha vyuma ndani yake. Nati zikikazwa, ukuta unabanwa zile milimita mbili tu, baada ya hapo zinakutana na paipu na haziwezi kuponda bloku zaidi. Kwa ndani nikaweka flati ba ya milimita 5, upana sentimita 5, inayounganisha chuma cha juu na cha chini cha mkono mmoja, ili mvuto ugawanywe kwa bloku kadhaa. Nje, chini ya kila kisigino, niliweka kipande kingine cha bati nene, kwa kuwa kisigino kinasukuma ndani kwa nguvu ile ile ambayo juu inavuta nje.

Kutoboa kulifanywa drili ikiwa imezimwa nyundo. Polepole, ndiyo, lakini nyundo huuvunja upande wa pili wa bloku na kuacha shimo kama la kikombe pale ambapo flati ba inatakiwa kulala. Matundu niliyainamisha kidogo kuelekea nje ili maji yasiingie stoo, nikaziba ukingo kwa silikoni. Mikono tuliipima kwa pimamaji kabla ya kukaza.

Mtetemo ndio ulionitesa kuliko uzito. Juu ya stoo kuna chumba cha kulala cha mpangaji, na ukuta mwembamba wa bloku ni kama ngozi ya ngoma. Tuliwasha, na baada ya dakika chache dada akaniita: "Kaka, hebu njoo usikie." Chupa za dawa ya kikohozi kwenye rafu ya chuma zilikuwa zinagongana, sauti nyembamba isiyokatika.

Raba nne zilikuwepo, kati ya miguu ya mashine na mikono. Nilipochungulia nikakuta zimekazwa hadi zikawa bapa kama chapati, na raba iliyobanwa hivyo haizuii kitu. Mtetemo unapita moja kwa moja kwenye bolti. Tukalegeza, tukakaza tena mpaka washa iguse raba na kuizamisha kidogo tu, halafu tukafunga nati ya pili juu ya kila nati ili zisifunguke zenyewe. Kupunguza kulikuwepo, kumaliza hakukuwepo. Hapo nikaweka kiganja kwenye mwili wa mashine, nikakihamishia kwenye mkono wa braketi, kisha kwenye bomba. Mkono wa braketi ulikuwa umetulia. Bomba la shaba ndilo lililokuwa linatetemeka, na klipu yake ya kwanza ilikuwa imepigwa ukutani sentimita chache tu kutoka kwenye valvu. Mtetemo ulikuwa umezunguka raba zote na kuingia ukutani kwa mlango wa nyuma. Tukaiondoa klipu hiyo, tukaisogeza mbali, tukaipa bomba mkunjo mpana kabla ya kugusa ukuta, na pale linapopenya tukalivalisha sponji ili lisiguse saruji. Chupa zikanyamaza.

Fundi alitaka kuongeza raba nyingine nyuma ya braketi, kati ya chuma na ukuta. Sikukubali. Raba pale inalegeza mshiko, braketi inaanza kuchezacheza, na nati hazikai zilipokazwa. Raba mahali pake ni chini ya miguu ya mashine.

Jirani mwenye kinyozi aliniuliza baadaye afanyeje, naye ukuta wake ni wa mawe. Nilimwambia paipu na flati ba hazihitaji, lakini rolibolti bado ningeikwepa, kwa sababu jiwe la Ndarugu ni laini na likibanwa kwa kutanuliwa karibu na ukingo linapasuka. Resini, bila kichujio, na tundu la milimita 12 kwa chuma cha M10. Litobolewe katikati ya jiwe, si kwenye kiungo cha saruji. Vumbi lipulizwe, lisuguliwe kwa brashi ya duara, lipulizwe tena, maana resini iliyoshika vumbi haijashika jiwe. Minyo ya kwanza ya resini itupwe mpaka itoke rangi moja, na muda wa kuganda ausome kwenye mkebe, asiuulize kwa fundi mwenye haraka ya kwenda kazi nyingine.

Ya kwetu nilichora mstari wa penseli kuzunguka kila flati ba kwa ndani, na mwingine kwenye plasta ya nje juu ya kila mkono. Baada ya wiki chache nilipitisha spana kwenye nati zote. Moja ya upande wa kompresa ilikubali robo mzunguko, nyingine hazikusogea, na hakuna flati ba iliyotoka kwenye mstari wake.